Matriki Mbili, Msingi Mmoja

Matriki huipokea vekta moja na kutoa nyingine. Kwa kawaida vekta hiyo hubadilika urefu na mwelekeo kwa pamoja, na ndiyo maana hesabu zake huchosha. Ziko, hata hivyo, vekta ambazo matriki haizitoi kwenye mstari wake: huzizidisha tu kwa namba fulani. Vekta hizo huitwa vekta eigeni, na namba hiyo ni thamani eigeni. Zikipatikana za kutosha kuwa msingi, yaani kila vekta nyingine iandikike kwa njia moja tu kama jumla ya mafungu ya hizo, matriki ikiandikwa upya kwa msingi huo hubaki na namba kwenye ulalo peke yake, kwingine kote sifuri.

Tuseme sasa tuna matriki mbili, A na B, na kila moja ina msingi wake wa namna hiyo. Je, upo msingi mmoja unaozifaa zote mbili? Upo endapo AB = BA, na zisipopatana hivyo haupo. Nusu ya dai hili haina kazi: matriki za ulalo zikizidishwa, namba hukutana na namba, na 3 × 5 ni sawa na 5 × 3. Nusu ya pili ndiyo yenye utamu, na inaonekana vizuri kwenye mfano huu:

```
    0 1 0         1 0 1
A = 1 0 0     B = 0 1 1
    0 0 1         1 1 0
```

A hubadilishana namba ya kwanza na ya pili, basi. Ukizidisha AB na BA, zote zinatoa safu mlalo (0, 1, 1), (1, 0, 1) na (1, 1, 0), kwa hiyo zinapatana.

Vekta (1, −1, 0) ikipita kwenye A hutoka (−1, 1, 0). Thamani eigeni ni −1. Kila vekta ambayo namba zake mbili za kwanza zinalingana haiguswi kabisa, kwa hiyo thamani eigeni 1 ina bapa zima, wala si mstari mmoja. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu anaweza kuchagua (1, 1, 0) na (0, 0, 1) ndani ya bapa hilo, na A itaridhika. B haitaridhika, kwa sababu inaigeuza (0, 0, 1) kuwa (1, 1, 0).

Lakini tazama jibu hilo lilipoangukia: ndani ya bapa lilelile. Haikutokea kwa bahati. Kama Av = λv, basi A(Bv) = B(Av) = λ(Bv), hivyo Bv nayo ni vekta eigeni ya A yenye λ ileile, isipokuwa iwe sifuri. Kupatana kwa A na B kunainyima B njia ya kutoka bapani.

Inabaki kuonyesha kwamba humo bapani zimo vekta eigeni za B za kutosha. Thamani eigeni za B ni 2, 1 na −1. Chukua v = (0, 0, 1). Kwa kuwa B ina msingi wake, v ni jumla ya vipande vya vekta eigeni za B, na hapa vipande ni viwili, cha 2 na cha −1. Ukikokotoa Bv + v, kipande cha −1 kinafutika na unabaki na (1, 1, 1). Ukikokotoa Bv − 2v, kinafutika kile cha 2 na unapata (1, 1, −2). Hesabu zote mbili zimetumia B, kujumlisha na kutoa tu, na hakuna kati ya hivyo kinachotutoa bapani. Kwa hiyo vipande vyenyewe vimo bapani! Njia hii hufanya kazi kwa v yoyote na kwa matriki za ukubwa wowote: unafuta vipande vyote isipokuwa kimoja, na kinachobaki hakijatoka mahali pake.

Msingi wa pamoja basi ni (1, 1, 1), (1, 1, −2) na (1, −1, 0). Juu yake A ni 1, 1, −1 kwenye ulalo, na B ni 2, −1, 1.

Angalia kwamba tulihitaji B iwe na msingi wake tangu mwanzo. Kupatana peke yake hakutoshi. Matriki ambayo haibadilishi chochote inapatana na kila matriki, ikiwemo hii:

```
1 1
0 1
```

Hii ina mstari mmoja tu wa vekta eigeni, ule wa (1, 0), na hakuna mshirika anayeweza kuipatia wa pili.