Kumpima mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa

Nafasi ni ya mhasibu msaidizi, na waombaji wote wametoka chuoni mwaka huu. Fomu ya usaili yenye safu ya “miaka ya uzoefu” itawapa wote sifuri, kwa hiyo alama 100 zigawanywe upya kabla ya kufungua wasifu wowote: miradi 40, fildi 35, masomo 25.

Tuseme mwombaji wa kwanza alifanya fildi wiki nane katika ofisi kubwa, lakini ameandika tu “nilisaidia idara ya fedha”. Jina la ofisi halipewi alama. Kazi aliyoifanya ndiyo hupewa. Hapo anapata 12. Wa pili alikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na anaeleza jinsi alivyogundua hundi iliyoandikwa mara mbili. Huyu anastahili 30.

Miradi ndiyo hudanganya zaidi, maana mingi hufanywa kikundi. Mwombaji aulizwe sehemu ipi ilikuwa yake na ni uamuzi gani aliubadilisha katikati. Aliyeifanya kazi hujibu kwa mambo mahususi. Aliyebebwa na wenzake hurudia kichwa cha mradi.

Kwenye masomo, zitazamwe alama za uhasibu, kodi na ukaguzi, si wastani wa jumla pekee. Wasahihishaji wawili wapime kila mmoja peke yake, na wakipishana sana warudi kwenye maandishi ya mwombaji.