Kumshukuru Mama kwa Kisa Kimoja

Katika sherehe nyingi za kuzaliwa jijini Dar es Salaam, mtoto wa kwanza akikabidhiwa kipaza sauti husema "itifaki imezingatiwa", kisha anaizingatia upya: mchungaji, wajomba, majirani, wanakikoba wa mama. Baada ya hapo zinamiminika sifa. Mama ni mchapakazi, mcha Mungu, mvumilivu. Huenda yote ni kweli, ila mama wa nyumba ya tatu naye alisifiwa hivyohivyo, pengine mbele ya MC yuleyule. Wageni wanarudi kwenye sahani zao.

Shukrani inayosikilizwa hujengwa juu ya kisa kimoja ambacho mzazi na mtoto walikuwamo wote wawili. Si lazima kiwe kisa kikubwa. Kinachotakiwa ni mahali, kitu cha kushikika na neno alilotamka mzazi siku ile. Kama mtoto wa jirani anaweza kukisimulia kumhusu mama yake bila kubadili chochote, basi bado hakijapatikana.

Tuseme binti ana mama anayetimiza miaka 60. Januari 2008 mama huyo alimsindikiza kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni Iringa. Waliosoma bweni miaka hiyo wanaikumbuka fomu ya kujiunga: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, tranka na kufuli. Ada ya bweni katika shule za serikali, kabla haijafutwa mwaka 2016, ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, lakini mara nyingi orodha ile ndiyo iliyomtoa mzazi jasho. Binti anaweza kushawishika kuyataja yote hayo, na mahafali juu yake. Akiwa na busara, atachukua kufuli tu:

"Mama, shikamoo. Wageni wetu, karibuni. Siku tunaondoka stendi ya Ubungo kwenda Iringa, ulininunulia kufuli la tranka lenye funguo mbili. Ukanipa mmoja, mwingine ukaufunga kwenye ncha ya khanga. Ukasema, 'Huu nakaa nao mimi.' Nilinuna njia nzima, nikajua huniamini. Wiki ya pili nikapoteza wangu. Nikaazima simu ya matroni, nikakupigia huku nalia. Hukunigombeza. Uliuliza tu, 'Umekula?' Kesho yake kondakta wa basi akaleta bahasha, ufunguo ukiwa umeviringishwa kwenye noti ya shilingi elfu mbili. Mama, nakushukuru kwa ufunguo ule, na kwa kutonigombeza siku ile. Mwanangu sasa anapoteza vitu kila siku, na mimi bado najifunza kuuliza kwanza kama amekula. Hongera kwa miaka 60, Mama."

Kwa mwendo wa kawaida maneno hayo huchukua kama dakika moja. Yakiongezewa vicheko na kutulia kidogo, hayafiki dakika mbili. Hakuna mahali binti anapomwita mama yake mvumilivu, kwa sababu swali la "Umekula?" limeshamaliza kazi hiyo. Shukrani yenyewe imetajiwa tendo lake. Msimuliaji naye ndiye aliyenuna na aliyekosea, kwa hiyo kisa hakigeuki kuwa hadithi ya ushujaa wake mwenyewe. Kishawishi kinachobaki ni kuongeza kuwa mama ndiye "ufunguo wa maisha yetu". Asikubali. Ufunguo ule ulikuwa wa tranka, na ubaki hivyo.

Visa vingine vinafaa kusimuliwa jikoni tu. Deni ambalo mama hakutaka baba alijue, ugomvi na wifi, mwaka ambao baba hakuonekana nyumbani: mama anaweza kutabasamu mbele za watu huku moyo umeshamchafuka. Kumbukumbu nayo hudanganya. Siku chache kabla, ni vizuri kumpigia mama mdogo au kaka na kukisimulia kisa kama kwa maongezi tu. Akisema, "Mbona lile kufuli lilikuwa la dada yako?", bado kuna nafasi ya kurekebisha. Akinyamaza ghafla, atafutwe mwingine. Na kama ndugu wote watasema, wagawane visa mapema, la sivyo ufunguo utasikika mara tatu.

Maneno yaandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Skrini ya simu huzima katikati ya sentensi, na mikono inayotetemeka haikumbuki nywila. Wakati wa kujaribu nyumbani, yasomwe kwa sauti, kwani sehemu itakayokaba koo hujulikana hapo. Mara nyingi ni ile ya neno la mama, na hapo panawekwa alama ya kuvuta pumzi.

Limebaki la DJ. Akiona msemaji amenyamaza kidogo, hudhani amemaliza na kupandisha muziki. Apewe mapema sentensi ya mwisho, "Hongera kwa miaka 60, Mama", na aambiwe asiguse kitu kabla hajaisikia. Baada ya hapo MC aite keki.