Ndengu Si Dengu: Isome Punje Kabla ya Kuwasha Jiko

Jirani yangu alihamia Dar es Salaam kutoka Nairobi, na wiki ya kwanza tu alikwenda sokoni kutafuta ndengu. Muuzaji akasikia "dengu", akampimia kilo. Jioni akazipika kama alivyozoea kwao: hakuziloweka, alizichemsha dakika 40, kisha akatia kitunguu, nyanya na tui. Saa tatu usiku alibisha hodi kwangu ameshika kijiko. "Dada, hizi ndengu zenu zina nini? Nazitafuna kama kokoto."

Hazikuwa na kasoro yoyote. Kile ambacho Nairobi huitwa ndengu, Dar es Salaam ni choroko. Dengu za Tanzania, zile zinazolimwa kwa wingi Shinyanga na Mwanza, ni punje nyingine kabisa. Na ukimwomba Mkenya kamande, atakupa kile ambacho watu wa Pwani na Zanzibar wanakiita adesi. Basi jina la sokoni lisikupangie muda wa kupika. Angalia punje yenyewe.

Anza na umbo. Choroko ni ndogo, ya kijani, imerefuka kidogo kama pipa dogo, na ubavuni ina mstari mfupi mweupe. Dengu ni kubwa zaidi, ya kahawia, ina makunyanzi na pembe, na upande mmoja imechongoka kama mdomo wa ndege. Wataalamu wa mimea waliona humo kichwa cha kondoo dume, wakaiita Cicer arietinum kwa neno la Kilatini la mnyama huyo. Adesi ni bapa, imetuna katikati na kukonda ukingoni. Neno lenzi lenyewe limetokana na jina lake la Kilatini.

Zinazofanana zaidi zitenganishe kwa kitovu, yaani alama iliyobaki pale punje iliposhikana na ganda lake shambani. Kunde yenye jicho hujitambulisha mara moja: kitovu chake kimezungukwa na doa jeusi. Mbaazi kavu ni ya mviringo uliobanwa kidogo, mara nyingi rangi ya maziwa, na kitovu chake kina hudhurungi. Njegere kavu ni duara kama gololi na kitovu chake ni kidogo. Fiwi, ambayo Wakenya wengi wanaijua kama njahi ikiwa nyeusi, ina kitovu cheupe kirefu kilichoinuka ukingoni kama kishungi. Ukishakiona kishungi hicho, hutaichanganya tena na maharage.

Kitovu kina kazi nyingine pia. Punje kavu hainywi maji kwa ngozi nzima kama sifongo. Mwanzoni maji huingia zaidi kupitia kitovu na kitundu kidogo mno kilicho jirani yake, kisha hutambaa chini ya ngozi. Ndiyo maana maharage uliyoyaloweka kwa saa moja hukunjamana: ngozi imeshalowa na kutanuka, lakini nyama ya ndani bado ni kavu. Baadaye nyama nayo hujaa, na makunyanzi hupotea.

Kutokana na hayo unaweza kukadiria muda kwa kujiuliza mambo mawili: punje ina ngozi, na ni nene kiasi gani? Adesi nyekundu zimeshakobolewa na kupasuliwa, kwa hiyo maji hayana kizuizi. Hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 15 hadi 20. Adesi nzima zina ngozi, lakini ni bapa, hivyo dakika 30 hadi 40 hutosha. Choroko nazo unaweza kuzipika bila kuloweka, kwa dakika 40 au zaidi kidogo. Kunde ziko katikati: zikilowekwa saa mbili au tatu, huiva ndani ya saa moja.

Mbaazi kavu, maharage na dengu nzima zinataka usiku mzima ndani ya maji, saa 8 hadi 12. Baada ya hapo mbaazi na maharage huhitaji saa moja hadi moja na nusu, na dengu huweza kufika saa mbili. Njugu mawe hazikupewa jina hilo bure; hata baada ya kulowekwa, zitengee saa mbili au tatu. Ukiwa huna usiku mzima, chemsha punje dakika mbili au tatu, zima moto, funika na uache saa moja kabla ya kuanza kupika. Kwenye joto la Pwani, maji yaliyotoa povu na harufu ya uchachu yamekaa mno. Yabadilishe mapema, au loweka ndani ya friji.

Makadirio hayo ni ya punje za msimu huu. Maharage yaliyokaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevu hugeuka ndani: gundi inayoshikanisha chembe zake hufungwa zaidi na madini ya chokaa, na maji ya moto hushindwa kuiyeyusha. Kwa macho utaona rangi imefifia, maharage ya njano yakielekea kahawia. Lakini macho pekee hayatoshi, kwa hiyo hesabu. Toa punje 50, ziloweke usiku kucha, asubuhi tenga zilizobaki ndogo na ngumu kama jana. Zikiwa mbili tatu, ziondoe uendelee. Zikiwa kumi au zaidi, chungu chako hakitaiva kwa pamoja. Kisha kata punje moja iliyovimba: kiini cheupe kama chaki maana yake maji hayajafika. Kukiwa na rangi moja hadi katikati na bado mzigo huo unakataa kuiva baada ya saa mbili, ni wa zamani.

Mahali nako kuna mchango wake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Punje zile zile huchelewa kuliko Mombasa, na ndiyo maana sufuria ya presha hufaa zaidi bara. Maji ya kisima yenye chokaa huchelewesha pia. Magadi husaidia, ila kidogo tu, kwa sababu huharibu vitamini B na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni.

Jambo moja si la ladha tu. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Mwaga maji uliyolowekea, kisha yachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Moto hafifu tangu mwanzo hauiondoi sumu hiyo.

Turudi kwa jirani. Dengu zake zilikuwa nzuri, za msimu mpya. Kosa la kwanza lilikuwa muda wa choroko. La pili lilikuwa nyanya: uchachu wake huimarisha ile gundi, na punje isiyoiva ikikutana na nyanya, ndimu au ukwaju huganda pale ilipofikia. Tulizirudisha jikoni hata hivyo, na saa sita usiku bado zilikuwa zikigonga meno. Kesho yake alianza upya. Aliloweka usiku, akachemsha kwa maji matupu hadi punje ikapondeka kati ya ulimi na kaakaa, ndipo akatia nyanya na tui.

Bakuli lililoletwa kwangu lilikuwa laini. "Dengu," alisema, akiivuta herufi ya kwanza.