Akaunti ya kubeti ikifungiwa, jina la laini ndilo la kuangalia kwanza

Kubeti mtandaoni hapa Tanzania huanza na namba ya simu tu, na kuweka pesa hakuna mlolongo. Mkeka ukishachanika hakuna anayeulizwa jina lake. Ukitiki na mtu akaomba kutoa, ndipo ujumbe unapoingia: akaunti imesimamishwa, tuma kitambulisho. Utaratibu huu unawaumiza wengi, maana uhakiki ungefanyika siku ya kujisajili, shida hii ingeonekana kabla ya shilingi ya kwanza kuwekwa.

Mara nyingi kinachomaliza uhakiki ni kitambulisho cha Taifa, pamoja na picha ya uso wa mwenyewe akiwa amekishika. Ambaye kadi yake haijatoka hutumia namba ya NIDA, au leseni ya udereva au hati ya kusafiria kama kampuni inazipokea. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyejaza tarehe ya kubuni wakati wa kujisajili hugundulika hapo hapo. Picha ipigwe bila mng'ao wa taa, pembe zote nne za kadi zionekane. Cheti cha kuzaliwa peke yake hakisaidii, kwa sababu hakina picha.

Hata kadi iliyo sahihi inaweza kukataliwa. Chukua kijana aliyeshinda shilingi 800,000 kwa laini aliyosajiliwa na mama yake. Kadi inasoma jina lake, pesa za simu zinasoma jina la mama. Kwa mhakiki, hao ni watu wawili, na kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu haziruhusu malipo ya mmoja yaende kwa mwingine hivi hivi. Akituma kitambulisho cha mama anazidisha shaka, kwa kuwa anaonekana anatumia akaunti isiyo yake. Njia safi ni kueleza ukweli kwa huduma kwa wateja, kisha kwenda na mama kwenye duka la mtandao wa simu kuulizia namna ya kuhamishia laini kwenye jina lake, kwa alama za vidole. Kujua laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, piga:

```
*106#
```

Aliyeweka pesa kwa kadi ya benki anaweza kuombwa picha ya kadi hiyo. Afunike tarakimu za katikati, na zile tatu za nyuma asizionyeshe kamwe. Anayedai ada ya kufungulia akaunti, au namba ya siri, ni tapeli.

Aliyebeti akiwa chini ya miaka 18 hana hati ya kumwokoa. Wengine, kampuni ikinyamaza baada ya kupokea kila kitu, wapeleke malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha wakiwa na namba ya akaunti, tarehe ya kuomba kutoa, na nakala za jumbe zote walizoandikiana na kampuni.