Elektroni Isiyoguswa na Sumaku

Mwaka 1959, Yakir Aharonov na David Bohm wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa hoja iliyozua ubishi mkubwa. Elektroni ikipita kando ya mrija uliofungia sumaku yote ndani yake, walisema, itaathirika hata kama pale inapopita uga wa sumaku ni sifuri.

Haisukumwi wala haipindishwi. Kinachobadilika ni awamu yake. Elektroni husafiri kama wimbi, na awamu ni hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Wimbi likigawanyika, nusu ikapita kushoto kwa mrija na nusu kulia, zikikutana tena huchora michirizi ya mwanga na giza. Sumaku iliyofungwa huongeza tofauti ya awamu kati ya nusu hizo kwa eΦ/ħ: e ni chaji ya elektroni, Φ ni flaksi, yaani jumla ya sumaku inayopita ndani ya mrija, na ħ ni namba ya Planck, h, iliyogawanywa kwa 2π. Kwa hiyo michirizi huhama. Flaksi ikifika h/e, tofauti hiyo inatimiza mzunguko mzima na michirizi inarudi pale pale, kana kwamba hakuna sumaku.

Robert Chambers aliiona michirizi ikihama mwaka 1960, akitumia unywele mwembamba wa chuma. Wapinzani hawakuridhika: sumaku ilikuwa ikivuja, wakasema, na huenda ndiyo iliyozigusa elektroni. Pingamizi hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu sumaku yenye ncha mbili huvuja siku zote.

Jibu lilitoka Japani mwaka 1986. Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi walitengeneza pete ndogo mno ya aloi ya chuma na nikeli. Pete haina ncha, hivyo sumaku huzunguka ndani yake tu. Wakaifunika yote kwa niobi, metali ambayo ikipoa chini ya nyuzi 264 hivi za Selsiasi chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani na huzuia sumaku kupenya. Juu yake wakaweka shaba ili elektroni zisiingie. Sehemu moja ya wimbi ilipita katika tundu la pete, nyingine nje.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba lilijikagua lenyewe. Niobi ikishapoa, flaksi inayozingirwa nayo haiwezi kuwa ya kiasi chochote tu, bali ni mafungu kamili ya h/2e, nusu ya h/e. Idadi ya mafungu ikiwa shufwa, michirizi ya tunduni na ya nje ilipaswa kulingana. Ikiwa witiri, ipishane kwa nusu hatua kamili. Kabla ya kupoza, michirizi ilipishana kwa viwango vya kila namna. Baada ya kupoza, kila pete ilionyesha mojawapo ya hali hizo mbili, nayo ikawa ishara kwamba niobi imeifungia sumaku. Na zile pete za witiri zilionyesha nusu hatua hiyo waziwazi, ingawa sumaku haikuwa na pa kutokea.