Barua Pepe ya Kuomba Muhtasari wa Kozi

Matokeo ya mtihani huonyesha jina la kozi na alama tu, hivyo chuo cha nje huhitaji muhtasari ili kupima mada, saa na vitabu. Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi; Ulaya, ni saa 25 hadi 30. Kozi ya krediti 12 hapa huweza kuhesabiwa 4 tu kule.

Barua kwa mkuu wa idara itaje namba ya usajili, msimbo wa kozi, tarehe ya mwisho na, muhimu kuliko yote, mwaka iliposomwa. Bila mwaka, idara hutuma muhtasari wa sasa, usiolingana na kilichofundishwa. Iombwe nakala yenye sahihi na mhuri.