Nyekundu ya Kinu Ibaki

Mama mmoja anayesaga na kufungasha viungo jijini Dar es Salaam alinipigia simu saa mbili usiku. Mnunuzi amelalamika kwamba pakiti zake hazieleweki, naye sasa anataka jina jipya, nembo mpya na rangi mpya kabla ya Ramadhani. Kazi yetu ni kuwatengenezea wafanyabiashara sura ya bidhaa zao, na hapo tungelipwa vizuri tu. Asubuhi yake nilimwandikia barua hii, ninayoitoa kwa ruhusa yake.

“Mama, shikamoo.

Jana kabla duka halijafungwa nilikwenda kumsikiliza muuzaji. Yule dada hakusema pakiti ni mbaya. Alitaka viungo vya pilau, akafika nyumbani akakuta amebeba vya chai. Nilizisimamisha zote mbili kwenye kaunta, nikarudi nyuma hatua nne. Zote nyekundu, zote zina picha ya kinu, na neno PILAU ni dogo kuliko maandishi ya gramu 50. Dada ana haki kabisa, na kosa ni letu tuliochora. Ila kosa lenyewe liko kwenye neno moja.

Muuzaji aliniambia watoto wanaotumwa dukani hawataji jina lako. Wanasema, ‘Nipe ile nyekundu ya kinu.’ Ukiiondoa nyekundu na kinu, mtoto atarudi na pakiti ya mtu mwingine.

Tropicana, wauza juisi wa Marekani, yaliwakuta. Januari 2009 waliondoa kwenye boksi picha ya chungwa lililochomekwa mrija, wakaweka glasi ya juisi. Juisi ilikuwa ile ile, lakini wanunuzi wengi hawakuitambua tena rafuni. Mauzo yalishuka kwa takribani asilimia 20 kabla miezi miwili haijaisha, na Februari wakatangaza kurudisha boksi la zamani.

Tena pakiti zako huchapwa kwa silinda za chuma, kila rangi na silinda yake. Ukibadilisha kila kitu, zote zitachongwa upya, rola zilizobaki stoo zitatupwa, na alama mpya itaombewa usajili BRELA.

Naomba tuanze na stika: ukanda wa kijani wenye PILAU kwa herufi kubwa, wa njano wenye CHAI. Tuzibandike kwenye pakiti za maduka matatu kwa wiki mbili, na wauzaji waandike daftarini kila anayechukua siyo au anayerudisha. Makosa yakikoma, tutachonga zile silinda zinazohusika na ukanda tu. Yakiendelea, au watu wasiojuana wakileta lalamiko jingine la aina moja, nitakuja mwenyewe tuongee habari ya kubadilisha zaidi.

Na yule dada, muuzaji anamfahamu. Nataka awe wa kwanza kuoneshwa stika, kwa mbali, kabla hatujachapa.”

Mama alijibu kabla ya adhuhuri: “Haya, mwanangu. Ila kijani kiwe cha giligilani.”